Laki nane na sabini ya nyanya: ipi ni faida, na ipi ni mshahara wako?

Mvua zimekatika, huku bondeni watu wameanza kusia mbegu za nyanya, na simu yangu haipumziki. Mwaka huu swali linalokuja zaidi si la kantangaze wala la ukungu. Ni hili: "Bwana shamba, msimu uliopita nilipata faida nzuri. Nataka kuongeza eneo. Nichukue mkopo?"

Siwezi kumjibu mtu swali hilo kabla sijaona daftari lake. Na nikiliona, mara nyingi nakuta hesabu imefanywa vizuri lakini imeishia katikati. Leo nitawaonyesha daftari moja kutoka kata yetu, upande huu wa Ilula ambako malori ya nyanya ya kwenda Dar es Salaam hupita kila siku. Wenyewe ni mume na mke. Wameniruhusu niandike tarakimu zao, mradi nisitaje majina, nami nimezikata kidogo zikae kwenye maelfu kamili.

Walilima nusu eka kando ya mto, kwa pampu yao ya petroli. Walivuna matenga 130. Yale ya mwanzo, 40, waliuza kwa 20,000 kila moja. Bei ikashuka, 60 yakaenda kwa 14,000. Mwishoni, kila bonde lilipokuwa limeiva, 30 yakaondoka kwa 9,000. Jumla mkononi shilingi 1,910,000. Fedha iliyotoka, yaani mbegu, mbolea, dawa, petroli, kulimisha, miti na kamba, vibarua wachache, pamoja na tenga na usafiri hadi barabarani, ilikuwa 1,040,000. Kaka yangu akapiga mstari chini na kuandika: faida 870,000.

Hapo hakukosea. Kilichoingia ukitoa kilichotoka, ndiyo hesabu anayoifanya mhasibu pia, na inaitwa faida ya kihasibu. Mhasibu angeongeza jambo moja tu. Pampu walinunua kwa 480,000 na kwa kazi ya huku inadumu kama misimu 8, kwa hiyo kila msimu inaliwa 60,000. Huo ni uchakavu, na hauonekani mpaka siku pampu inapokufa na mwenyewe anashangaa fedha ya nyingine iko wapi.

Tatizo lilikuja alipogeuza ukurasa. Alikuwa ameandika: nusu eka 870,000, eka mbili, mara nne, 3,480,000. Chini yake akaandika kiasi cha mkopo atakachoomba na dhamana atakayoweka: ng'ombe wake wawili wa kulimia. Shemeji alikuwa amekaa pembeni anachambua maharage, hajasema neno, lakini nilimwona haangalii daftari.

Nikamuuliza kaka, "Hizo eka moja na nusu za nyongeza, ardhi utaitoa wapi?"

"Nitakodi kwa jirani."

"Na kazi atafanya nani?"

"Vibarua. Mimi na mama watoto hatuwezi eka mbili."

"Na mtaji ni wa mkopo. Sasa kwenye ile nusu eka ya kwanza, ardhi, kazi na mtaji vilikuwa bei gani?"

Akacheka. "Bwana shamba, hivyo si vya kwangu mwenyewe?"

Ni vya kwako ndiyo, lakini si vya bure. Kitu chako mwenyewe kina bei, na bei yake ni kile ambacho kingekupa kama usingekitumia hapo. Kwenye vitabu vyetu vya chuo hiyo huitwa gharama ya fursa. Jina si muhimu. Muhimu ni kwamba haitoki mfukoni, kwa hiyo daftari la fedha taslimu halina pa kuiandika. Ukiitoa nayo kwenye mapato, kinachobaki ndicho wanauchumi wanakiita faida ya kiuchumi: ziada uliyopata kwa kulima nyanya kuliko kama vitu vyako vingekuwa kwenye kazi nyingine.

Tulianza na ardhi kwa sababu ni rahisi. Nusu eka yenye maji bondeni hukodishwa 100,000 kwa msimu, na jirani yao aliwahi kuiomba. Angalizo moja hapa, maana watu wakishaelewa somo hili huwa wanazidisha. Ardhi moja haiwezi kukodishwa na papo hapo kulimwa mahindi mabichi. Chagua kazi moja tu mbadala, ile bora iliyokuwa inawezekana kweli, uandike hiyo. Ukiandika kodi, usiandike na mahindi tena.

Kazi ndiyo ilitula mchana mzima. Ukimuuliza mtu alifanya kazi siku ngapi, atasema "kila siku", na jibu hilo halina faida kwenye hesabu. Njia ninayoitumia ni kufuata mmea wenyewe tangu kitalu. Kitalu kinataka maji asubuhi na jioni kwa muda mfupi mfupi. Ukijumlisha ni kama siku 4 za kibarua. Matuta na mbolea siku 6. Kuhamisha miche siku 3. Kumwagilia walifanya kila siku ya tatu, mara 34, nusu siku kila mara, hiyo ni siku 17. Kupiga dawa siku 7, palizi siku 12, kusimika miti, kufunga na kupogolea siku 14. Kuvuna na kupanga kwenye matenga siku 22. Mwisho kaka alitumia siku 5 kufuatilia madalali. Zote ni siku 90. Kwa siku ya kibarua nina maana ya asubuhi hadi saa saba mchana, ambayo kwetu msimu ule ililipwa 6,000.

Tulipokuwa tukiandika nani alifanya nini, shemeji aliacha maharage akasogeza kigoda. Kitalu chote kilikuwa chake. Nusu ya kumwagilia alihamisha yeye mpira huku mume akiangalia pampu, au alikuwa peke yake kabisa. Palizi, kufunga, kuvuna, sehemu kubwa yake. Tulipojumlisha, siku 46 zilikuwa za mke na 44 za mume. Kaka alitaka kurudia kuhesabu. Tukarudia, ikatoka vilevile.

Siku 90 kwa 6,000 ni 540,000.

Umebaki mtaji. Fedha iliyozama kabla ya tenga la kwanza kuuzwa ilikuwa 845,000, kwa sababu matenga na usafiri hulipwa wakati wa kuuza. Ilikaa shambani wastani wa miezi mitatu. Kikundi cha kuweka na kukopa cha shemeji, walipovunja mzunguko, kila 100,000 ya hisa ilirudi na nyongeza ya kama 20,000 kwa mwaka. Kwa miezi mitatu hiyo ni asilimia 5, yaani 42,000 hivi. Ni kweli kikundi kina kikomo cha hisa kwa wiki, asingeweza kuziweka zote, ndiyo maana sikumwambia atumie kiwango kikubwa zaidi. Mtaji wako upe bei ya mahali ambapo ungekubaliwa kweli kuuweka, siyo ya tangazo la redioni.

Sasa jumlisha: ardhi 100,000, kazi 540,000, mtaji 42,000, pampu 60,000. Zinakuwa 742,000. Toa kwenye 870,000, inabaki 128,000.

Maana yake si kwamba zile 742,000 zilipotea. Fedha walipokea, na watoto wamelipiwa michango ya shule kwa fedha hizohizo. Ila 540,000 kati yake ni mshahara wao, 100,000 ni kodi ya shamba lao, na kadhalika. Walijilipa bila kujua wanajilipa. Faida ya nyanya zenyewe, ile iliyotokana na kuchagua nyanya, ni 128,000. Ukiigawa kwa matenga 130, ni kama shilingi elfu moja kwa tenga. Bei ya wastani ikishuka elfu moja tu msimu ujao, haipo. Na kila anayelima nyanya anajua elfu moja kwenye bei ya tenga hubadilika kati ya asubuhi na jioni.

Hesabu ikafika kwenye mkopo. Tulichukua nusu eka moja ya nyongeza, tukidhani mavuno na bei vitakuwa vilevile, jambo ambalo ni kumpendelea. Faida ya daftari 870,000. Sasa ardhi inalipwa taslimu, 100,000. Siku 90 za kazi zinalipwa taslimu, 540,000. Pampu ya ziada lazima, kwa sababu ile moja haitoshi, uchakavu 60,000. Inabaki 170,000 kabla ya riba. Mkopo wa kugharimia pembejeo, kodi na vibarua hadi mavuno ya kwanza ni 1,323,000 kwa kila nusu eka. Mkopeshaji anataka asilimia 3 kwa mwezi kwa miezi mitano, ikihesabiwa kwa mkopo wote hadi mwisho. Riba ni 198,000. Kwa hiyo kila nusu eka inayoongezwa inapoteza 28,000. Ziko tatu, ni hasara ya 84,000, wakati daftari lilimwahidi zaidi ya milioni mbili na nusu kwenye eneo hilohilo. Na sijaweka matenga yanayoibwa, wala kibarua anayepiga dawa juu juu mwenye shamba akiwa upande wa pili.

Hiki ndicho ningependa mtu akitazame kwa makini kabla ya kuzidisha faida yake mara mbili au mara nne. Mapato huongezeka na eneo. Lakini nguvu za familia, shamba la urithi na akiba ya ndani haviongezeki. Kuanzia mahali vinapoishia, unaingia sokoni kuvinunua kama mgeni. Ndiyo maana utakuta mtu aliyefanikiwa kwenye bustani ndogo anaanguka kwenye kubwa, na kijiji kinasema amerogwa au mkono wake si mzuri.

Kaka akaniuliza, sauti ikiwa imeshuka, "Kwa hiyo niache nyanya?"

Hapana, na hapa panahitaji umakini, kwa sababu swali limebadilika. Ukiuliza kama uongeze eneo, kazi yako ipe bei ya kumwajiri mtu, kwa kuwa ndivyo itakavyokuwa. Ukiuliza kama uendelee na hii nusu eka unayoiweza, ipe bei ya kile ambacho wewe mwenyewe ungekipata kwingine. Bei hizo mbili si lazima zifanane. Kiangazi hiki kijijini huwezi kupata kibarua siku 90. Kukiandika 6,000 kwa siku ambayo ungekaa tu kijiweni ni kujidanganya upande wa pili.

Basi tukatafuta walichokiacha kweli. Kaka huwa msaidizi wa fundi ujenzi kiangazi, kwa 12,000 kwa siku, kazi ikiwepo. Alikumbuka alikataa kama siku 18 kwa ajili ya shamba. Hiyo ni 216,000. Shemeji hukaanga vitumbua asubuhi, na akishatoa mchele, mafuta na kuni anabaki na kama 5,000. Siku za kumwagilia na kuvuna hakukaanga. Alihesabu kwa vidole, akafika asubuhi 30. Ni 150,000. Jumla 366,000 badala ya 540,000. Ukirudia hesabu kwa bei hiyo, nusu eka inabakiza 302,000 juu ya vyote walivyoviacha. Kwa hiyo nyanya kwa familia hii, kwenye nusu eka hii, ni kazi bora kuliko vitumbua na zege zikiwekwa pamoja. Na kuongeza eneo kwa mkopo ni hasara. Majibu yote mawili yametoka kwenye daftari moja na hayapingani.

Kuna mtu atauliza kuhusu yale matenga 30 ya mwisho yaliyouzwa 9,000. Gharama zote, za fedha na zisizo za fedha, zilikuwa kama 13,700 kwa tenga. Je, wangeyaacha yaozee shambani? La. Kufikia wakati ule mbolea, dawa na palizi vilishapita na havirudi hata usipovuna. Cha kuangalia siku hiyo ni tenga na usafiri, 1,500, pamoja na kazi ya kuvuna, kama elfu moja hivi kwa tenga. Ikikupa 9,000, vuna. Ile 13,700 ni ya kuamulia kabla hujasia mbegu, si ukiwa tayari na nyanya nyekundu mbele yako. Nimeona mtu anasusa kuvuna kwa hasira ya bei, na hasira yake ilimgharimu zaidi kuliko dalali.

Ndugu zangu wa maduka na genge, hesabu yenu ni ileile ila vitu vimebadilika sura. Chumba cha mbele ulichofungulia duka kingepangishwa shilingi ngapi kwa mwezi? Umekaa kaunta tangu alfajiri hadi usiku, na jioni anakaa kijana wako anayepaswa kuwa anasoma; nani analipwa? Sukari na sabuni vinavyoondoka rafuni kwenda jikoni, viandike kwa bei uliyonunulia, la sivyo utadhani duka halina faida kumbe limewalisha. Hilo linahusu hata wakulima: nyanya mnazokula na kugawia ndugu ni mapato, ingawa wengi wetu tunakula zile zenye makovu ambazo dalali hazitaki, kwa hiyo usizipe bei ya tenga la kwanza. Mfanyabiashara mwenye mtaji wa milioni moja iliyolala kwenye bidhaa zisizotoka amejikopesha mwenyewe bila riba. Hilo ndilo kosa ninalolikuta zaidi madukani kuliko mashambani.

Dalili ya haraka, kama hutaki kukaa na kalamu mchana mzima, ni kujiuliza: nikiugua mwezi mmoja, nikamlipa mtu afanye kila ninachofanya, patabaki kitu? Kama hapabaki, ulichonacho ni ajira uliyojiajiri. Si vibaya kuwa nayo. Mimi pia naishi kwa mshahara. Ila hupeleki ajira kwa mkopeshaji ukaweka ng'ombe dhamana.

Jioni ile kaka alifunga daftari akasema atafikiri. Shemeji yeye alikuwa ameshafikiri. Alisema, bila kupandisha sauti, kwamba siku 46 kwa 6,000 ni 276,000, na kwamba mwaka jana kitenge alichonunuliwa baada ya mavuno aliambiwa ni zawadi. Hapo niliaga, kwa sababu mengine si ya bwana shamba.

Msimu huu wameendelea na nusu eka ileile, ng'ombe wako zizini. Kilichobadilika ni kimoja. Siku za kumwagilia shemeji anakaanga vitumbua vyake kama kawaida, na kijana wa jirani anakuja kuhamisha mpira kwa 3,000, maana ni kazi ya nusu siku. Yeye anabaki na 5,000 yake, kwa hiyo kila zamu inamwachia 2,000 ambayo mwaka jana ilikuwa inaishia mtaroni. Kaka analalamika kwamba kijana anakanyaga miche. Nimepita kuangalia, na kweli anakanyaga, kwenye matuta mawili ya mwisho ambako mpira ni mfupi. Wanahitaji kuuongeza mita kumi.